Njia ya Fully na fomula ya mfupa mmoja zinapotofautiana: utatuzi kuanzia dalili

Tatizo lenyewe huwa hivi. Una mifupa ya mtu mzima iliyokamilika au karibu ikamilike. Umepima muundi, yaani tibia, ukaingiza urefu wake kwenye fomula ya zamani, ukapata kimo cha sm 174. Kisha umefuata njia ya Fully: umepima kila mfupa unaochangia urefu wa mtu toka utosini hadi kisiginoni, ukajumlisha, ukaongeza sehemu ya tishu laini, ukapata sm 166.6. Kuna pengo la zaidi ya sm 7, na ripoti inasubiri.

Usichukue wastani wa majibu hayo mawili. Njia hizi hazifanyi kazi moja. Fomula ya mfupa mmoja haimpimi mtu wako, inamlinganisha na kundi la watu waliopimwa zamani na kusema: mwenye mfupa wa urefu huu, katika kundi lile, kwa kawaida alikuwa na kimo hiki. Njia ya Fully inampima yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, na kukisia kitu kimoja tu ambacho hakipo tena: diski za pingili, gegedu za viungo, ngozi ya kichwa na nyama ya unyayo. Kila njia ina mahali pake pa kukosea, na ukubwa wa pengo pamoja na mwelekeo wake huonyesha pa kuanza kutafuta.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni mifupa ya mwanamume anayekadiriwa kuwa na miaka 45 alipofariki, na vipimo vyake ni hivi, kwa milimita:

```
Fuvu, basioni hadi bregma              134
C2 pamoja na jino lake                  38
C3 hadi C7                              68
T1 hadi T12                            242
L1 hadi L5                             137
S1                                      31
Paja (kondili zote mbili ubaoni)       452
Muundi (bila miiba ya juu)             382
Talasi na kalkaneo zikiwa pamoja        66
Jumla                                 1550
```

C ni pingili za shingo, T za kifua na L za kiuno, na S1 ni kipande cha juu cha sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Kondili ni vichwa viwili vya mwisho wa chini wa paja, ubao ni ule wa kupimia mifupa, na talasi na kalkaneo ni mifupa ya kifundo na kisigino. Basioni ni ukingo wa mbele wa tundu kubwa lililo chini ya fuvu, na bregma ni pale mishono ya juu ya fuvu inapokutana nyuma ya paji la uso. Pingili ya kwanza ya shingo haimo kwenye orodha, na hiyo si kusahau: jino la pingili ya pili hupanda hadi ndani ya pete yake, kwa hiyo ukiipima utahesabu urefu uleule mara mbili. Urefu wa mifupa yote, basi, ni sm 155.0.

Dalili: muundi unatoa kimo kirefu kuliko mfupa mwingine wowote

Anzia hapa, kwa sababu ndiyo hitilafu inayojirudia zaidi na ndiyo rahisi kuithibitisha.

Fomula zinazotumiwa sana duniani ni zile za Mildred Trotter na Goldine Gleser za mwaka 1952, zilizotokana na wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia pamoja na mifupa ya mkusanyo wa Terry, uliohifadhiwa Marekani kwa ajili ya utafiti. Kwa wanaume weupe wa kundi hilo, fomula ya muundi ni hii:

```
Kimo (sm) = 2.52 × muundi + 78.62
```

Maelezo yaliyoandamana na fomula yalisema muundi upimwe pamoja na kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu, kile kinachochomoza chini ya mfupa. Katikati ya miaka ya 1990, Richard Jantz na wenzake waliirudia mifupa ya mkusanyo wa Terry wakagundua kwamba Trotter hakufuata maelezo yake mwenyewe: kinundu kilikuwa kimeachwa. Vipimo vyake vilikuwa vifupi kwa milimita 10 hadi 12. Kwa hiyo anayepima kwa uaminifu kama kitabu kinavyoagiza anaingiza mfupa mrefu kuliko ule fomula inaoujua, na kimo kinapanda kwa sm 2.5 hadi 3.

Kwenye mfano wetu, muundi wa sm 38.2 unatoa 174.9. Fomula hizi hutaka pia upunguze sm 0.06 kwa kila mwaka uliozidi miaka 30, yaani 0.9 kwa mtu wa miaka 45, kwa hiyo inabaki 174.0. Sasa rudisha mfupa ubaoni, upime bila kinundu. Tuseme unapata sm 37.1. Kimo kinakuwa 172.1, na baada ya umri 171.2. Karibu sm 2.8 zimeondoka bila kugusa njia ya Fully hata kidogo.

Namna ya kuthibitisha kwamba hili ndilo lililokupata: piga hesabu ya paja kwa kundi lilelile la fomula. Muundi ukiwa juu ya paja kwa sm 3 au zaidi, na ulipima pamoja na kinundu, shuku kinundu kwanza. Tahadhari moja: njia ya Fully inataka kinundu kiwemo, maana kweli kinachangia urefu wa mguu. Andika vipimo viwili tofauti vya muundi, kila kimoja na jina lake. Anayeandika kimoja tu, “urefu wa tibia”, anamtegea shimo atakayesoma karatasi yake baadaye.

Dalili: kinundu kimerekebishwa, lakini fomula bado iko juu ya Fully

Tumebakiwa na 171.2 kutoka muundi. Paja, likiwa na urefu wa juu kabisa wa sm 45.6, linatoa:

```
2.38 × 45.6 + 61.41 = 169.9
169.9 − 0.9 (umri)  = 169.0
```

Fully inasema 166.6. Tazama mpangilio: muundi uko juu kabisa, paja katikati, jumla ya mwili mzima chini. Kosa la kupimia kwa kawaida halijipangi hivi. Mpangilio huu unatokana na umbo la mtu.

Fomula ya mfupa mmoja hubeba ndani yake uwiano wa mwili wa kundi lililoizaa. Inapochukua paja la sm 45.6, inadhani kiwiliwili kilichokuwa juu yake kilikuwa na urefu wa kawaida kwa kundi hilo. Lakini watu wenye mapaja sawa hawalingani viwiliwili. Kwa jumla, watu ambao mababu zao waliishi maeneo ya joto wana miguu mirefu kwa kulinganisha na kiwiliwili, na ndani ya mguu wenyewe muundi ni mrefu kwa kulinganisha na paja. Waliotoka kwenye baridi huelekea upande wa pili. Mtu wa miguu mirefu akiingizwa kwenye fomula ya watu wa miguu mifupi, fomula itamjengea kiwiliwili asichokuwa nacho.

Kwa mtu wetu, gawanya muundi kwa paja: 382 kwa 452, unapata takriban asilimia 84.5, muundi mrefu kiasi. Sasa jaribu fomula za Trotter na Gleser za mwaka uleule kwa wanaume weusi wa Marekani:

```
Paja:   2.11 × 45.6 + 70.35 = 166.6;  −0.9 = 165.7
Muundi: 2.19 × 37.1 + 86.02 = 167.3;  −0.9 = 166.4
```

Mifupa miwili iliyokuwa inapishana kwa zaidi ya sm 2 sasa inapishana kwa 0.7, na yote miwili iko ndani ya sm 1 chini ya Fully. Hicho ndicho kipimo cha utambuzi. Fomula inayomfaa mtu huifanya mifupa yake mbalimbali ikubaliane, na isiyomfaa huiacha igombane. Huhitaji kujua mtu huyo alikuwa nani ili kuona ugomvi huo.

Lakini usiende mbali zaidi ya hapo. Watu wengine huona jedwali hili na kuhitimisha asili ya marehemu. Sivyo. Limekuambia tu kwamba uwiano wa miguu yake unafanana zaidi na kundi moja la vipimo kuliko jingine, na ndani ya kila kundi tofauti za mtu na mtu ni kubwa. Hapa ndipo njia ya Fully inapolipa gharama zake. Haikuulizi mtu ni wa kundi gani, kwa sababu kiwiliwili chake umekipima. Kwa maoni yangu, mifupa ikiwa imekamilika na asili haijulikani, hakuna sababu ya kuanza na mfupa mmoja, isipokuwa haraka.

Dalili: Fully iko chini ya kila kitu, hata chini ya kimo kilichoandikwa mtu akiwa hai

Sasa upande wa pili. Kabla ya kuitetea jumla yako, angalia ni nyongeza gani ya tishu laini uliyotumia.

Georges Fully aliichapisha njia yake mwaka 1956. Aliijenga kwa mifupa ya Wafaransa waliofia kambi ya Mauthausen, ambao vimo vyao vilikuwa vimeandikwa kwenye kumbukumbu za kambi. Nyongeza zake zilikuwa ngazi tatu: mifupa ya sm 153.5 au pungufu iongezewe 10, kati ya 153.6 na 165.4 iongezewe 10.5, na 165.5 kwenda juu iongezewe 11.5. Kwa mtu wetu ni 155.0 na 10.5, yaani 165.5.

Mwaka 2006 Michelle Raxter, Benjamin Auerbach na Christopher Ruff waliijaribu njia hiyo kwa mifupa 119 ya mkusanyo wa Terry, ambayo vimo vyake vilipimwa baada ya kifo. Waliona nyongeza za Fully zinapunguza kimo kwa takriban sm 2.4 kwa wastani. Jumla ya mifupa yenyewe ilifuatana vizuri sana na kimo, ila nyongeza ilikuwa ndogo mno. Wakatoa fomula mbili:

```
Kimo = 1.009 × mifupa − 0.0426 × umri + 12.1
Kimo = 0.996 × mifupa + 11.7
```

Ya kwanza inatupa 156.4 kutoa 1.9 kujumlisha 12.1, sawa na 166.6. Ya pili inatupa 166.1.

Hapa kuna mtego ambao wengi hupita juu yake. Fomula ya pili, isiyo na umri, inaonekana ya kufaa pale umri usipojulikana vizuri. Kumbe haina umri kwa maandishi tu, ndani yake umo umri wa wastani wa watu walioizaa. Zilinganishe: kwa mifupa ya sm 155, fomula hizi zinatoa jibu moja mtu akiwa na miaka takriban 57. Kijana wa miaka 20 mwenye mifupa hiyohiyo anapata 167.6 kwa ya kwanza, lakini 166.1 kwa ya pili. Amepoteza sm 1.5 kwa sababu amehesabiwa kama mtu wa makamo. Ukiwa na makadirio mapana ya umri, kwa mfano miaka 35 hadi 50, chukua kati yake uweke kwenye fomula ya kwanza. Kosa la miaka 10 ni sm 0.4 tu, na hilo ni dogo kuliko kuuacha umri kabisa.

Nyongeza ya zamani hujificha mahali pengine pia. Katika miaka ya 1980, John Lundy alitengeneza fomula za mifupa mirefu kwa Waafrika Weusi wa Afrika Kusini kwa kutumia Fully kama msingi: fomula inakupa urefu wa mifupa yote, kisha unaongeza tishu laini wewe mwenyewe. Wazo ni zuri, kwani linatoa fomula yenye uwiano wa kundi husika bila kuhitaji vimo vya watu hai. Lakini ukifuata hatua ya mwisho kama ilivyoandikwa, unarithi upungufu uleule. Tumia sehemu ya kwanza ya fomula, kisha malizia kwa hesabu ya 2006.

Dalili: Fully iko juu kuliko paja na muundi kwa pamoja

Mara nyingi hapa hitilafu iko mgongoni. Fully inadai namba 24 za uti wa mgongo, na kosa dogo linalojirudia mara 24 si dogo tena. Anayeweka kalipa juu ya miiba ya mfupa iliyoota kwenye kingo za pingili, jambo la kawaida kwa wenye umri mkubwa, akaongeza milimita moja kila pingili, amemrefusha marehemu kwa zaidi ya sm 2. Kipimo sahihi ni kimo cha juu kabisa cha mwili wa pingili, mbele ya mahali mbavu na vikonyo vya upinde vinaposhikia, bila kuihesabu miiba hiyo. Anayepima katikati ya mbele tu hukosea kinyume, kwa kuwa pingili nyingi za kifua ni fupi kidogo upande huo.

Njia rahisi ya kukagua ni kuandika vimo vya pingili kwa mfuatano. Kutoka T1 hadi kiunoni vinapaswa kupanda polepole: 17, 18, 18, 19, 19, 20, 20, 20, 21, 22, 23, 25. Ukiona 27 imekaa katikati ya 20 na 22, ama umeandika vibaya, ama pingili ya kiuno imechanganyika na za kifua. Hesabu pia idadi. Karatasi iliyokamilika ina namba 28: fuvu moja, pingili 23, S1, paja, muundi na kisigino. Mifupa ya kulia na kushoto ikiwepo, chukua wastani wake, usiijumlishe.

Idadi ikizidi, usikimbilie kufuta. Watu wengine huzaliwa na pingili ya sita ya kiuno au ya kumi na tatu ya kifua, na urefu wake ulikuwa sehemu ya kimo chao. Iingize. Katika hali hiyo Fully kuwa juu ya paja ni jibu sahihi, maana paja halina namna ya kujua kwamba mgongo ulikuwa na pingili ya ziada.

Mambo mawili mengine huipandisha Fully. La kwanza ni kutumia urefu wa juu kabisa wa paja, 456, badala ya ule unaopatikana kondili zote mbili zikigusa ubao, 452. Hapo ni milimita 4, lakini huongezwa kwa kila mtu na kila mara. La pili haliponi kwa kupima tena: mgongo uliopinda. Jumla ya pingili ni urefu wa mgongo ulionyooshwa. Mtu mwenye kibiongo au mpindo mkubwa wa pembeni alisimama chini ya hapo, na namba yako itakuwa kimo ambacho angekuwa nacho. Miili ya pingili iliyobanwa ikawa kama kabari huonekana, kwa hiyo iseme kwenye ripoti.

Dalili: jumla haikamiliki

Pingili moja ikikosekana katikati ya mgongo, tumia wastani wa jirani zake wawili, na kosa lake halitasumbua. C2 haina jirani anayefanana nayo, na S1 pia haina, kwa hiyo hizo haziwezi kujazwa hivyo. Fuvu likivunjika pale kwenye basioni, au kisigino kikikosekana, zipo fomula za kukadiria sehemu hizo kutokana na mifupa mingine, zikiwemo za Auerbach za mwaka 2011. Lakini kila unachojaza kwa fomula za namna hiyo kinarudisha dhana ya uwiano wa kundi, kitu ambacho Fully ilikuwa imekuepusha nacho. Sehemu kubwa ya mgongo ikiwa imepotea, ni bora kukubali fomula ya paja na muundi kwa pamoja, na kosa lake lote likiandikwa.

Dalili: hesabu zote ni safi, lakini hazilingani na kitambulisho

Kosa sanifu la fomula ya Fully iliyorekebishwa, ile yenye umri, ni sm 2.22. Kwa uhakika wa takriban asilimia 95 unalizidisha kwa mbili, na mtu wetu anakuwa kati ya sm 162 na 171. Paja peke yake kwa fomula ya wanaume weusi lina kosa la 3.94, kwa hiyo linasema 158 hadi 174. Majibu ya katikati yalikaribiana, 166.6 na 165.7, lakini upana wa pili unakaribia mara mbili ya wa kwanza. Kwa orodha ya waliopotea, hiyo ndiyo tofauti kati ya kumwondoa mtu na kumbakiza.

Chukua mtu aliyeandikwa sm 173. Paja linamruhusu. Fully inamkataa kwa sm 2. Kabla ya kumwondoa, uliza kimo hicho kilipatikanaje. Kilichopimwa ukutani hospitalini kina uzito, ingawa hata hicho hupungua kwa sentimita moja au mbili kutoka asubuhi hadi jioni. Alichojitajia mwenyewe wakati wa kuomba leseni ni jambo jingine, hasa kwa wanaume, ambao wengi hujiongezea. Na kama kiliandikwa akiwa na miaka 22, basi ondoa umri wa kifo kwenye fomula uweke huo: 156.4 kutoa 0.9 kujumlisha 12.1, yaani 167.6, na upeo wake wa juu ni 172. Sentimita moja iliyobaki haitoshi kumkataa mtu aliyejitajia kimo chake, kwa hiyo jina lake libaki kwenye orodha hadi meno au vinasaba viseme.